Visikizi Vipya: Maneno ya Kumpa Mteja Kabla Hajatoka Dukani

Malalamiko ya visikizi visivyo na waya yanayorudi kwenye kaunta ya duka la vifaa vya simu ni yale yale: kimoja hakilii, kasha haliingizi chaji, simu haivioni, sauti imekuwa ndogo. Mteja amekuja amekunja uso, boksi mkononi, anataka abadilishiwe au arudishiwe hela yake. Mwenye duka ana foleni ya watu nyuma yake, kwa hiyo anabadilisha yaishe. Jioni akikaa kuvipima vile vilivyorudishwa, anakuta vingi havina ubovu wowote.

Hasara hiyo inazuilika kwa kiasi kikubwa kwa kikaratasi cha nusu ukurasa. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi haimsaidii mnunuzi wa kawaida, kwa sababu maandishi yake ni madogo, Kiingereza chake ni cha kubahatisha, na mara nyingine inaeleza toleo jingine kabisa. Duka linalouza matoleo mawili matatu kwa wingi linaweza kuandika kikaratasi chake kwa Kiswahili, likatoa fotokopi na kukibana kwenye risiti. Hapa tunaeleza la kuandika humo pamoja na sababu zake, maana mteja aliyeelewa sababu hana haja ya kukariri.

Sentensi ya kwanza iwe hii: umenunua vifaa vitatu, si kimoja. Kisikizi cha kushoto, chenye herufi L, kina betri yake, redio yake na spika yake. Cha kulia, chenye herufi R, hali kadhalika. Kasha nalo lina betri yake, kubwa kuliko za hao wawili, na kazi yake ni kuvichaji kila vinaporudishwa ndani. Ukubwa wa betri hizi unashangaza ukizilinganisha na simu. Simu nyingi za sasa hubeba miliampea 5,000 hivi, ilhali kasha la kawaida hubeba kati ya 300 na 500, na kisikizi kimoja hubeba 30 au 50 tu. Karibu kila tatizo linalomrudisha mteja linatokana na kimoja kati ya vitatu hivi kuachwa nyuma na wenzake, huku mteja akidhani ameshika kitu kimoja kilichoharibika.

Chukua mfano wa mama mmoja aliyenunua visikizi jioni na kurudi asubuhi. Ni aina ya kisa ambacho fundi yeyote wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anakijua.

"Kaka, hii ya kushoto umenipa mbovu. Kulia inaimba vizuri, kushoto kimya."

"Pole mama. Hebu niione na kasha lake."

Muuzaji anayejua kazi yake hakimbilii kuiwasha simu. Anavirudisha vyote viwili ndani ya kasha na kutazama taa. Cha kulia kinawaka taa nyekundu kikigusa sehemu yake, dalili kwamba kinapokea umeme. Cha kushoto hakiwaki. Anakitoa, anakigeuza chini ya mwanga wa balbu, na pale kwenye vidoti viwili vya rangi ya dhahabu anaona ukingo wa kinailoni chembamba kinachong'aa. Viwanda hubandika vinailoni hivyo ili betri zisiendelee kuchajiana ndani ya boksi kwa miezi ya safarini na ghalani. Mama alibandua kimoja cha kulia kwa sababu kilikuwa na kishikio cha bluu kinachoning'inia. Kishikio cha kushoto kilikatika, kinailoni kikabaki. Kinabanduliwa kwa ukucha, kisikizi kinarudi ndani, taa inawaka.

Mambo hayaishii hapo, na hapa ndipo wauzaji wengi hukosea. Baada ya robo saa ya kuchaji, kisikizi cha kushoto kinawaka vizuri, lakini hakicheki na mwenzake. Simu ya mama inatumia cha kulia, na kwenye orodha ya Bluetooth limejitokeza jina lile lile mara ya pili. Akiligusa la pili, muziki unahamia kushoto na kulia kunakuwa kimya. Mama anashawishika kabisa kwamba kauziwa mzigo mbovu.

Kilichotokea ni hiki. Visikizi vinapowashwa hutafutana vyenyewe kwanza, ndipo vijitambulishe kwa simu kama kitu kimoja. Usiku ule cha kulia kiliwaka peke yake, kikamtafuta mwenzake, hakikumpata, kikajiunga na simu kama mjane. Asubuhi cha kushoto kilipopata uhai kilikuta mwenzake ameshashikamana na simu, hana nafasi ya kumsikiliza, nacho kikajitangaza kivyake. Sasa simu inaona vifaa viwili vyenye jina moja.

Dawa yake ni kuvirudisha vyote mwanzo, tena kwa mpangilio. Kwanza simu isahauzwe. Kwenye simu ya Android yenye menyu ya Kiswahili ni "Mipangilio", kisha "Vifaa vilivyounganishwa", unagusa alama ya gia kando ya jina la visikizi, halafu "Sahau". Ikiwa menyu ni ya Kiingereza, neno la kutafuta ni "Forget", na kwenye iPhone ni "Forget This Device" baada ya kugusa herufi i iliyo ndani ya duara. Yakiwa majina mawili, yote mawili yafutwe. Pili, Bluetooth ya simu izimwe kabisa. Hatua hii inarukwa na wengi, na ndiyo inayovipa visikizi nafasi ya kutafutana bila simu kuingilia. Tatu, visikizi vyote viwili virudi ndani ya kasha lenye chaji. Kama kasha lina kitufe, kibonyezwe na kushikiliwa kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka taa zimetemeke kwa namna tofauti na kawaida. Matoleo yasiyo na kitufe hutaka ubonyeze au uguse visikizi vyenyewe, na hapa kila kiwanda kina mtindo wake. Ndiyo maana mwenye duka anapaswa kujaribu toleo analouza na kuandika idadi kamili ya miguso na sekunde kwenye kikaratasi, badala ya kuandika maneno ya jumla. Nne, vitolewe vyote kwa pamoja na kuachwa mezani kidogo. Vikishapatana, kimoja huacha kumetameta au hutoa mlio, kingine kinaendelea kusubiri simu. Hapo ndipo Bluetooth iwashwe na "Oanisha kifaa kipya" iguswe. Jina litakalotokea sasa ni moja tu.

Kuunganisha visikizi kwa mara ya kwanza hakuhitaji hayo yote. Banduwa vinailoni pande zote mbili, rudisha ndani, funga kasha, lichaji, kisha fungua na uvitafute kwenye simu. Mahali pazuri pa kufanya hivyo ni pale pale kaunta, kwa simu ya mteja mwenyewe, kabla hajalipa au mara tu baada ya kulipa. Muuzaji apige wimbo, aguse spika moja moja sikioni, kisha mteja apige simu fupi kwa mtu wake na kumuuliza kama anamsikia. Dakika tano hizo zinaokoa ugomvi wa kesho yake. Jambo la kuandika kwenye kikaratasi ni jina la visikizi kama linavyosomeka kwenye skrini, kwa sababu vingi vina jina moja kwenye boksi na jingine kwenye simu. Boksi linaweza kubeba jina la kifahari, huku skrini ikionyesha "TWS" na tarakimu mbili tatu. Mteja asiyejua hilo anaweza kujikuta anahangaika kujiunga na redio ya jirani.

Kuna hali mbili nyingine za kuunganisha zinazostahili sentensi moja moja kwenye kikaratasi. Ya kwanza ni ya simu mbili. Visikizi vya bei ya chini huwa na simu moja tu vinayoisikiliza kwa wakati mmoja, na kila vikifunguliwa hurukia ile vilivyoitumia mwisho. Mtoto akiazima visikizi jana kwa simu yake, leo baba akifungua kasha sebuleni vitajiunga na simu ya mtoto iliyo chumbani, na simu ya baba itaandika kwamba imeshindwa kuunganisha. Haina haja ya kufuta chochote. Inatosha kuzima Bluetooth kwenye simu ya mtoto. Ya pili ni pale simu inapoonyesha kwamba visikizi vimeunganishwa lakini muziki unalia kwenye spika ya simu. Gusa tena ile alama ya gia kando ya jina. Utakuta swichi za simu na za muziki zimetenganishwa, na ile ya muziki, inayoitwa "Media audio" kwenye menyu za Kiingereza, imezimwa.

Tuje kwenye chaji, ambako kuna tatizo moja linalowachanganya hata mafundi. Mteja anarudi anasema kasha haliingizi chaji. Muuzaji anachomeka waya wake, linaingiza. Mteja anakwenda nyumbani, haliingizi. Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo, kumbe wote wanasema kweli.

Siri iko kwenye waya. Simu mpya nyingi huja na waya wenye ncha ya USB-C pande zote mbili, na kichwa cha chaja chenye tundu la USB-C. Kichwa cha namna hiyo hakitoi umeme ovyo. Kinasubiri kwanza kitambue kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachoomba, na utambulisho huo unafanywa na rizista mbili ndogo zilizopaswa kuwa ndani ya kasha. Viwanda vinavyobana gharama havizifungi. Kasha likichomekwa kwenye chaja ya aina hiyo, chaja haioni mtu, na umeme hautoki. Likichomekwa kwa waya wa zamani, ule wenye ncha pana ya mstatili upande wa chaja, umeme unapita mara moja, kwa kuwa tundu hilo pana hutoa volti 5 muda wote bila kuuliza. Kwa hiyo sentensi ya kikaratasi ni hii: tumia ule waya mfupi uliomo ndani ya boksi, na uuchomeke kwenye chaja yenye tundu pana. Mteja ambaye nyumbani ana chaja za tundu jipya tu auziwe kichwa kidogo cha zamani, au aambiwe achomeke kwenye kompyuta au king'amuzi chenye tundu la USB.

Pawabenki nayo ina vituko vyake. Nyingi hujizima zikiona kinachotolewa ni kidogo mno, zikidhani simu imejaa. Kasha la visikizi, hasa likikaribia kujaa, huvuta umeme kidogo sana, na pawabenki hujizima kabla kazi haijaisha. Mtu anaamka asubuhi anakuta kasha lina nusu. Baadhi ya pawabenki hukubali kubaki macho ukibonyeza kitufe chake mara mbili, lakini zisizokubali hazifai kwa kazi hii.

Watu huuliza kama chaja ya kasi ya simu itaunguza visikizi. Chaja nzuri huanza na volti 5, na haipandishi mpaka kifaa kiombe, na kasha haliombi kamwe. Ninachokiogopa mimi ni chaja feki ambazo haziko thabiti hata kwenye hizo volti 5, na visikizi vya bei nafuu visivyo na ulinzi wa kutosha ndani. Kichwa kidogo cha zamani cha ampea moja ni chaguo la amani. Kasha hujaa kwa saa moja hadi mbili, na likishajaa halina haja ya kulala kwenye umeme.

Muda wa kuvitumia utategemea sauti na umri wa betri, ila kwa vingi vya kawaida ni saa tatu hadi tano kwa chaji moja, ndipo kasha livijaze tena mara kadhaa. Ni vyema mteja ajue kwamba namba inayoonekana kwenye kioo cha kasha ni chaji ya kasha, si ya visikizi. Kuna anayeona 80, akatoa visikizi vilivyoingia kasha dakika tano tu zilizopita, vikazima njiani, akaanza kulaumu. Kasha lilikuwa na chaji yake, ila halikuwa limepata muda wa kuigawa.

Betri hizi za lithiamu zina maadui wawili, joto na njaa ya muda mrefu. Visikizi vilivyoachwa juu ya dashibodi ya gari lililopaki juani Dar es Salaam saa saba mchana vinazeeka kwa mchana mmoja kuliko wiki nzima ndani ya mkoba. Njaa ni ya wale wanaonunua zawadi na kuiweka kabatini. Betri ikiisha kabisa na kukaa hivyo kwa miezi, inashuka chini ya kiwango ambacho mfumo wake wa ulinzi unakubali kuichaji tena, na kisikizi hakiamki hata ukikifanyaje. Visivyotumika viwekwe na chaji ya nusu, na viguswe umeme kila baada ya mwezi au miwili.

Kuna uzee mwingine unaotokana na tabia. Dereva wa bodaboda, na wengi wanaopiga simu kutwa nzima, huvaa kisikizi kimoja tu ili sikio la pili lisikie barabara. Ni busara ya usalama, wala sitamshauri mtu avae viwili akiendesha. Lakini akivaa cha kulia kila siku, betri ya kulia inakamilisha mizunguko yake huku ya kushoto ikiwa bado changa. Betri ndogo kama hizi huanza kupungua nguvu waziwazi baada ya mizunguko ya kujaa na kuisha kati ya 300 na 500. Baada ya mwaka na ushee kimoja kinadumu saa moja, kingine saa nne, na mteja anaona kimoja ni kibovu. Kikaratasi kimwambie abadilishe sikio, asubuhi kulia, mchana kushoto. Kingine kinachaji wakati mwenzake yuko kazini, kwa hiyo hapotezi kitu.

Kwenye utunzaji, adui wa kwanza ni nta ya sikio. Kwenye mdomo wa kila kisikizi kuna wavu mdogo wa chuma, wenye matundu madogo kama ya kitambaa. Nta laini inauziba polepole, sauti inashuka upande mmoja, na mteja anakuja kusema spika imeungua. Ukitaka kujua kama ni nta, toa kimpira cha silikoni na uutazame wavu kwa tochi ya simu. Ukiwa safi, unaona matundu. Ukiwa umeziba, unaona kitu cha rangi ya kahawia kinachong'aa kidogo. Kisafishwe kwa mswaki mkavu, mpya na laini, huku mdomo wa kisikizi ukiangalia chini ili kinachong'oka kidondoke nje badala ya kusukumwa ndani. Pini na njiti ya meno zikae mbali, kwa sababu nyuma ya wavu huo, umbali wa milimita chache, kuna utando wa spika ulio mwepesi kuliko karatasi. Vimpira vyenyewe vinaweza kuvuliwa na kuoshwa kwa maji na sabuni, ilimradi vikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Hapo hapo kwenye vimpira pana malalamiko mengine ya bure. Boksi huja na saizi tatu, na ya kati ndiyo iliyovalishwa kiwandani. Ikiwa ndogo kwa sikio la mteja, hewa inapita pembeni na besi inapotea yote. Anasema sauti ni nyembamba, kama redio ya mkulima. Mbadilishie kimpira kabla hujambadilishia visikizi.

Adui wa pili ni jasho. Jasho lina chumvi, na vile vidoti viwili vya dhahabu hupitisha umeme kila kisikizi kinaporudi ndani ya kasha. Chumvi, unyevu na umeme vikikutana, chuma kinaliwa, na baada ya muda unaona ukungu wa kijani juu ya vidoti na kwenye pini za ndani ya kasha. Siku moja kisikizi kinagoma kuchaji. Watu wanaokimbia asubuhi, wanaobeba mizigo sokoni, na wote wanaoishi Pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi, waambiwe wafute visikizi kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvirudisha ndani. Ukungu ukishaanza, pamba ya masikioni iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti, ikasuguliwa taratibu kwenye vidoti na pini, mara nyingi inarudisha chaji. Kasha lisiwe limechomekwa wakati huo, na liachwe wazi mpaka spiriti ikauke.

Ni hapa mteja anapouliza, "Si umeniambia haviingii maji?" Kwenye boksi pameandikwa IPX4. Maana yake ni kwamba visikizi vilijaribiwa kwa maji ya kurushiwa kutoka kila upande, mfano wa manyunyu au jasho. Haina maana ya kuogelea, wala kuoga, wala kusahauliwa mfukoni mwa suruali iliyoingia kwenye beseni. Kwa kuzama kuna IPX7, inayohusu mita moja ya maji baridi kwa nusu saa, na maji ya bahari hayamo. Muhimu kuliko vyote ni kwamba alama hiyo kwa kawaida inahusu visikizi peke yake. Kasha halina kinga yoyote, na kisikizi kilichorowa kikiwekwa ndani yake kinapeleka maji mahali ambapo hayakutakiwa kufika. Vikilowa, vifutwe, vikae nje ya kasha kwenye kivuli chenye upepo kwa siku nzima, mdomo chini. Habari ya kufukia kwenye mchele iachwe. Vumbi la mchele huingia kwenye wavu, na mchele hauvuti unyevu kuliko hewa ya dirishani.

Kuhusu masikio yenyewe, Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila sauti inavyopanda muda huo unapungua haraka. Hakuna mteja atakayepima desibeli, lakini simu nyingi huonyesha onyo sauti ikivuka kiwango fulani, na onyo hilo si la mapambo. Akilazimika kupandisha sana ndani ya daladala, aangalie kwanza kama vimpira vinaziba sikio sawasawa.

Kuna dalili moja ambayo kikaratasi kiiandike kwa herufi kubwa. Kifuniko cha kasha kikianza kukataa kufunga, au kasha likaachana kwenye mshono, au kisikizi kikawa kimevimba kiasi cha kutoenea kwenye nafasi yake, betri imejaa gesi. Kisichajiwe tena hata mara moja, kisitobolewe, kisibanwe kwa mpira ili kifunge. Hasa kisitupwe kwenye takataka zinazochomwa moto uani, kwa sababu betri ya lithiamu ndani ya moto hulipuka. Kirudishwe dukani, na duka liwe na kopo la bati lenye mchanga, mbali na stoo ya mzigo, la kuhifadhia vya namna hiyo hadi vipelekwe kwa wanaopokea taka za umeme.

Chini kabisa ya kikaratasi kibaki nafasi ya kujazwa kwa kalamu: tarehe ya kuuza, jina la visikizi linavyosomeka kwenye skrini, namna ya kuvirudisha mwanzo kwa toleo hilo, na sahihi za muuzaji na mteja kwamba vilipimwa vyote viwili, muziki na simu. Dhamana iandikwe wazi kama ni ya wiki moja au mwezi, na isemwe mapema kwamba haihusu vilivyozama, vilivyochokonolewa kwa pini, wala kimoja kilichopotea. La mwisho hilo ndilo linaloulizwa zaidi kuliko yote. Mwenye duka anayefungua vilivyorudishwa na kuhifadhi vyake vizima vya toleo lile lile anaweza kumuuzia mteja kimoja cha upande uliopotea, kisha akavioanisha upya kwa njia ile ile tuliyomfanyia yule mama. Viwe vya toleo moja kweli, kwa sababu viwili vinavyofanana umbo tu mara nyingi havitapatana.